Skrinishoti ya hoteli inasema "Pay at property" na "Free cancellation", mbona kadi ya shemeji imekatwa dola 70.80?

MamaWaKaranga (Moshi), 28 Desemba 2024

Wakuu habari. Naomba waliowahi kufanya kazi hotelini wanisaidie kusoma hii kitu, maana nyumbani tumegawanyika.

Tulikuwa na send-off ya binti wa dada yangu Arusha, Jumamosi tarehe 21. Shemeji yangu anaishi Minneapolis, akasema yeye atalipia hoteli, mimi na mama mkwe tulale Jumamosi na Jumapili tusihangaike na barabara usiku. Akabuki mtandaoni, akanitumia skrinishoti wasapu. Jumatano mama mkwe presha ikapanda, daktari akakataa asisafiri. Alhamisi nikamwambia shemeji afute. Akafuta siku hiyohiyo, tarehe 19. Jana ananipigia, kadi yake imekatwa dola 70.80.

Skrinishoti inasema hivi:

```
2 nights, 1 room, 2 adults    US$120
Pay at property
Free cancellation until 19 December
```

Maswali yangu ni mawili. Kama malipo ni palepale hotelini, na sisi hatukufika, wamekataje? Na kama kufuta ni bure hadi tarehe 19 na yeye amefuta tarehe 19, kosa liko wapi? Hata hiyo 70.80 siielewi, nusu ya 120 ni 60. Mume wangu anasema ni wezi. Mimi sitaki kumwita mtu mwizi kabla sijaelewa.

ChaliiWaSakina

Pole na mama mkwe. Hapo hakuna cha kuelewa, ni wizi. Mwambie shemeji apige benki yake wairudishe hiyo hela leo leo. Wenzetu kule benki zao zinasikiliza.

MzeeWaRau

Mama Karanga, "Pay at property" maana yake ni unalipa ukifika. Hujafika, huna deni. Hiyo 60 ni kosa la hoteli, na 10.80 ya juu ni makato ya benki ya kubadilisha fedha. Mimi kadi yangu hukatwa hivyo nikinunua vitu vya nje.

NdiziNg'ombe

Dada kama bado mnatafuta pa kulala, iko lodji nzuri Majengo, shilingi elfu 40 na chai asubuhi. Nikutumie namba?

ChaliiWaSakina

@NdiziNg'ombe mangi, send-off ilishapita wiki nzima, na ilikuwa Arusha. Soma uzi kwanza.

MapokeziMiaka11

Nimekaa mapokezi Arusha miaka 11, hoteli mbili tofauti. Kabla hatujamhukumu mtu, Mama Karanga, hiyo skrinishoti imekatwa chini. Kwenye simu sehemu ya juu ndiyo hutokea kwanza, watu wanapiga picha pale pale na kutuma. Masharti yenyewe yapo ukishusha. Mwambie shemeji afungue uthibitisho kwenye akaunti yake au barua pepe, ashuke mpaka mwisho, atume yote. Hasa mstari wa "until": baada ya tarehe huwa kuna saa, na baada ya saa kuna herufi tatu kwenye mabano.

Na @MzeeWaRau, dola na dola hazibadilishwi. Kadi ya Marekani ikikatwa kwa dola haina cha kubadilisha, na hata kama benki yake inatoza ada ya muamala wa nje, kwa 60 haiwezi kufika 10.80. 10.80 ina maelezo mengine, nadhani nayajua, ila nisubiri picha.

MamaWaKaranga

Asante. Ametuma, nimenakili ilivyo:

```
Price                       US$120.00
+ 18% VAT                   US$21.60
+ Tourism fee US$1.50
  per person per night      US$6.00
Total                       US$147.60

Free cancellation until
19 December 2024 23:59 [EAT]
From 20 December 2024 00:00 [EAT]: US$60
Card required to guarantee booking
```

Kumbe hata bei haikuwa 120! Tungefika pale na 120 mkononi tungeaibika.

Ngaramtoni_Juu

Hapo kwenye mabano si wanasema chakula? Nilidhani "EAT" ni kwamba chakula cha usiku kipo hadi 23:59. Nilishawahi kufika hoteli moja nikadai msosi kwa sababu ya hilo neno.

MapokeziMiaka11

@Ngaramtoni_Juu hapana ndugu yangu, ingawa si wewe wa kwanza. Hizo ni herufi za saa za Afrika Mashariki, saa zetu hapa. Na jibu la swali la pili la Mama Karanga limejificha humohumo.

Mama, shemeji alifuta saa ngapi? Usimuulize "tarehe ngapi", muulize saa, na ni saa za wapi. Barua pepe ya kufuta ina muda wake.

MamaWaKaranga

Anasema alitoka kazini, akala, akafuta saa mbili usiku. Saa mbili usiku Alhamisi, kwake.

MapokeziMiaka11

Basi ndiyo hapo. Minneapolis wakati huu wa baridi wako nyuma yetu saa 9. Kwake saa mbili usiku Alhamisi, sisi huku ni saa kumi na moja alfajiri, Ijumaa tarehe 20. Mfumo wa kubuki hauhesabu saa za aliyebuki, unahesabu saa za mahali hoteli ilipo. Mlango wa bure ulifungwa 23:59 ya hapa, na muda huo kwake ilikuwa mchana, saa nane na dakika 59, bado yuko kazini. Kwa hiyo yeye kwa haki yake amefuta tarehe 19, na hoteli kwa haki yake imepokea tarehe 20. Kachelewa kama saa tano.

Swali la kwanza sasa. "Pay at property" inajibu jambo moja tu: ukija kulala, hela ya chumba utampa nani na wapi. Utaipa hoteli, pale kaunta, siyo tovuti. Haisemi kwamba usipokuja hudaiwi. Cha usipokuja kinasemwa na mistari miwili ya chini, ule wa dola 60 na ule wa kadi. Ile kadi aliyoijaza haikuwa ya kulipia, ilikuwa dhamana. Mgeni akifuta kwa wakati, hatuigusi. Akichelewa au asipotokea, tunaingiza namba ya kadi kwenye mashine na kukata kiasi kilichoandikwa, usiku wa kwanza. Nimefanya hivyo mara nyingi, na si kazi inayofurahisha, hasa mtu akipiga simu analia.

MzeeWaRau

Kwenye dhamana nimekuelewa, nakubali. Lakini bado nasema bei ya bidhaa Tanzania huwa na VAT ndani yake. Ukinunua sukari dukani huambiwi kaunta uongeze asilimia 18. Hoteli kuandika 120 kwa herufi kubwa halafu 147.60 chini ni kumtega mtu.

MhasibuWaKaloleni

Mzee Rau, kwenye kutega niko na wewe kabisa, inaniudhi. Lakini tusome kilichoandikwa. Tovuti hizi zina namna mbili za kuonyesha kodi. Ikiandika "Included" basi bei imeshabeba kila kitu. Ikiandika "Excluded", au ikiweka alama ya kujumlisha mbele kama hii, inajumlishwa juu. Na mara nyingi inategemea mtu anatafuta akiwa nchi gani: mmoja anaonyeshwa jumla moja kwa moja, mwingine anaonyeshwa bei tupu na maandishi madogo ya kijivu. Ndiyo maana ndugu wawili wanaweza kuangalia chumba kimoja na kubishana bei.

Hesabu yenyewe iko sawa: 18% ya 120 ni 21.60. Tozo ya utalii ni dola 1.50 kwa mtu kwa usiku, watu 2 mara usiku 2, dola 6. Jumla 147.60.

Sasa 70.80. Chukua 60, weka 18% ambayo ni 10.80. Hiyo hapo. Wamekata usiku wa kwanza pamoja na VAT yake. Tozo ya utalii hawakuiweka kwa sababu inahesabiwa kwa kitanda kilicholaliwa, na hakuna aliyelala.

MamaWaKaranga

Jamani, hiyo 10.80 imenisumbua siku mbili. Asanteni. Lakini skrini inasema 60, haisemi 70.80. Nani kawaruhusu kuongeza?

MhasibuWaKaloleni

Hapo ndipo mimi ningebana. Masharti yaliyokubaliwa yanataja 60. VAT inatozwa kwa huduma iliyotolewa. Hamkulala, hamkunywa hata maji. Kwa maoni yangu hiyo ni fidia ya kuvunja makubaliano, na fidia si mauzo ya chumba.

MapokeziMiaka11

Kwa maoni ya bosi wangu wa zamani ilikuwa kinyume. Yeye alisema chumba kimeuzwa na kimeshikiliwa kwa ajili yako, kulala au kutolala ni hiari yako, kwa hiyo VAT ipo na anaipeleka TRA. Kompyuta yetu ilikuwa inaongeza yenyewe, mimi sikuwa na kitufe cha kuitoa.

MhasibuWaKaloleni

Sawa, kama anaipeleka TRA basi risiti ipo. Mama Karanga, omba risiti ya EFD ya hiyo 70.80. Iangalie ina TIN na namba ya usajili wa VAT, yaani VRN, na mstari wa kodi umeandikwa. Hoteli isiyosajiliwa VAT haina ruhusa ya kutoza VAT, hata kama tovuti imeandika 18%. Nyumba ndogo nyingi zinazobuki mtandaoni hujazwa hiyo 18% siku ya kufungua akaunti, halafu hakuna anayerudi kuangalia. Wakikupa risiti yenye VRN, bishano linabaki la sheria. Wakishindwa kutoa, dai 10.80 yako bila kuona haya.

ChaliiWaSakina

Mnazungushana tu. Benki, benki, benki.

MapokeziMiaka11

Chalii, benki itaiuliza hoteli, na hoteli itatuma vitu viwili: masharti aliyoyakubali na muda aliofuta. Nimeandaa majibu hayo mwenyewe, na mara nyingi mgeni anashindwa. Akiing'ang'ania hiyo 10.80 peke yake ana hoja. Akiidai yote 70.80, anaidhoofisha hata ile halali.

Na kabla ya kugombana aangalie taarifa ya kadi: jina lililokata ni la hoteli au la tovuti? Likiwa la hoteli, kuipigia tovuti kutarefusha tu safari, watakuambia tunawauliza hoteli. Aangalie pia kama imeshapita au bado inasubiri. Kuna hoteli zinazuia hela kwa siku chache kuijaribu kadi, halafu inaachiliwa yenyewe. Hiyo siyo makato.

MamaWaKaranga

Ni jina la hoteli, na imeshapita, siyo ya kusubiri.

BintiWaPangani

Habari za huko milimani. Mimi naona tatizo ni la saa zetu. Sisi tunasema saa sita usiku, wao wanasema 12. Mtu akisoma "11:59 PM" haraka anadhani ni saa kumi na moja jioni au alfajiri, hajui ni saa tano na dakika 59 usiku. Na kwetu pwani wazee wanahesabu siku kuanzia magharibi, usiku wa leo unakuwa wa kuamkia kesho. Marehemu bibi yangu angesoma "hadi tarehe 19 usiku" angeelewa usiku wa kuamkia 19, siku nzima kabla.

MzeeWaRau

Huyo bibi yako asingekatwa hata senti.

MapokeziMiaka11

@BintiWaPangani umegusa kitu. Simu ya mgeni anapiga "nimeambiwa hadi saa sita", namuuliza ipi, naye hajui. Nilijifunza kumwambia mgeni "usiku wa Alhamisi, kabla ya kulala", simtajii namba.

Zile namba mbili, 23:59 ya tarehe 19 na 00:00 ya tarehe 20, zimepishana dakika moja. Mtu anaona tarehe 20 imetajwa anadhani ana siku nzima ya Ijumaa. Hana. 00:00 ndiyo tarehe 20 inaanza.

DerevaUsaRiver

Nami niseme langu. Mwaka jana nilipokea wageni wawili KIA, wananionyesha skrinishoti: jina la lodji, tarehe, namba ya uthibitisho, kila kitu. Nawafikisha Usa River usiku, mapokezi wanasema hawa wanaingia kesho. Kumbe mume alibadilisha tarehe kwenye akaunti wiki iliyotangulia, na mke alibaki na picha ya zamani. Namba ya uthibitisho ilikuwa ileile, tarehe ndiyo imebadilika. Lodji imejaa, tukazunguka hadi saa saba usiku.

Tangu siku hiyo skrinishoti siiamini. Nachukua namba ya uthibitisho, napiga hotelini mchana, nasoma jina na namba, nauliza mtu anaingia lini na analipa nini. Dakika mbili tu.

Ngaramtoni_Juu

@DerevaUsaRiver hiyo tozo ya 1.50 wabongo tunalipa pia au ni ya wazungu?

DerevaUsaRiver

Ya watalii. Sisi hatulipi.

MhasibuWaKaloleni

Mimi ni Mtanzania na nimelipa Karatu, iko kwenye bili. Jina lake ni tozo ya maendeleo ya utalii na inahesabu kitanda, sikuona mahali bili imeuliza pasipoti.

DerevaUsaRiver

Basi walikuona una sura ya mtalii mkuu.

MamaWaKaranga, 3 Januari 2025

Wakuu heri ya mwaka mpya. Narudi na majibu. Mama mkwe anaendelea vizuri, ameanza kutoka hadi shambani.

Nilipiga hotelini mwenyewe, nikaomba meneja, nikaongea kwa upole kama @MapokeziMiaka11 alivyonishauri faragha. Nikamsomea muda wa kufuta, nikakubali tulichelewa kwa saa za hapa, nikamweleza habari ya ugonjwa. Nikamuuliza kama kile chumba kilipata mtu mwingine Jumamosi ile. Akanyamaza kidogo, akasema hoteli ilijaa. Nikamwambia basi chumba kimelipwa mara mbili usiku mmoja. Akasema masharti ni masharti, hela hairudi kwenye kadi, lakini ataiweka 60 kama akiba ya jina langu hadi Juni, nikija kulala inapunguzwa kwenye bili.

Nikauliza ya 10.80. Kaniambia ataongea na mhasibu wao. Risiti ya EFD nimeomba, kanitumia picha leo asubuhi: VRN ipo, ila imeandikwa jumla 60.00, na VAT imetolewa ndani ya hiyo 60, 9.15. Sasa 10.80 iliyokatwa juu iko wapi?

MhasibuWaKaloleni

Ngoja. 60 gawanya kwa 1.18 ni 50.85, VAT inabaki 9.15. Kwa hiyo risiti yao wenyewe inakiri kwamba 60 ilikuwa na VAT ndani. Basi 10.80 haina risiti kabisa. Mama, umeshika karatasi nzuri kuliko hoja yangu yote ya fidia. Tuma picha ya risiti na picha ya taarifa ya kadi kwa pamoja, uliza swali hilohilo moja.

MzeeWaRau

Nilisema VAT huwa ndani!

MhasibuWaKaloleni

Ulisema, mzee. Kwenye dola 60 umepata. Kwenye 120 skrini bado inakukatalia.

MapokeziMiaka11

Nadhani mhudumu alikata kwa mkono kiasi ambacho kompyuta ilimwonyesha, na mhasibu akatoa risiti kwa kufuata masharti ya tovuti. Watu wawili, meza mbili. Nimeliona hilo. Likiwa hivyo watarudisha 10.80 kwenye kadi ileile, ila inaweza kuchukua wiki kadhaa kuonekana kule.

ChaliiWaSakina

Au ni wizi.

Mtaa_wa_Saba, 9 Aprili 2025

Nafufua uzi maana umenisaidia. Kuna jipya: kanuni zilizotoka 28 Machi zinakataza bei kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni humu nchini. Nina skrinishoti ya Mei, "Pay at property", imeandikwa dola. Mapokezi wamenijibu nitalipa shilingi. Kwa kiwango cha siku niliyobuki au siku nitakayofika?

MhasibuWaKaloleni

Ule mstari wa shilingi unaoonekana chini ya bei kwenye tovuti ni makadirio, usiutegemee. Waulize wanatumia kiwango cha nani na cha siku gani, wakuandikie kwenye ujumbe, siyo kwa simu.

MapokeziMiaka11

Sisi zamani tulitumia cha siku ya kuondoka, mgeni anapofunga bili. Hoteli ya pili walitumia cha siku ya kuingia. Muulize kama alivyosema mhasibu.

Mama Karanga, ile 10.80 ilirudi?

MamaWaKaranga

Ilirudi Februari, 10.80 kamili, bila maelezo. Ile 60 tutaitumia Pasaka, mama mkwe ameshasema anataka chumba cha chini kisicho na ngazi. Safari hii nimebuki mwenyewe kwa simu.